Klipu ya Machi inapotakiwa Juni: Namna ya kutunza video za safari za mzigo

Mfanyabiashara anayepeleka mchele Kigali kutoka Kahama siku hizi anapiga video nyingi kuliko anavyojua. Mashine inakoboa, anarekodi. Magunia yanapimwa na kupakiwa, anarekodi tena. Turubai likifungwa, lori likisimama Rusumo, mzigo ukishushwa Kigali, kote huko simu iko mkononi. Baadhi ya klipu hizo zinakuwa tangazo kwa wateja. Nyingine hazitazamwi tena, mpaka siku mnunuzi anapokataa kumalizia malipo kwa madai kwamba magunia 12 ya mwezi Machi yalifika yamelowa.

Siku hiyo ni Juni. Simu imejaa na kufutwa mara mbili tangu Machi. Dereva alituma klipu zake kwa WhatsApp, na nyingine ziko kwenye fleshi ambayo hakuna anayekumbuka ni ipi. Hata zikipatikana, mwenye mzigo ana mamia ya faili zenye majina yanayofanana, na hajui ipi ni ya safari ipi.

Kinachomwokoa mtu hapo kinaanza siku lori linaporudi, tena kwa jambo dogo: jina la folda. Safari moja, folda moja. Jina lianze na mwaka, mwezi kisha siku, kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa kufuata herufi na tarakimu kutoka kushoto. Tarehe ikiandikwa 14-03-2025, safari ya Machi itakaa jirani na ya tarehe 14 Novemba. Ikiandikwa 2025-03-14, mwaka mzima unajipanga wenyewe. Baada ya tarehe ya kupakia ifuate namba ya ankara. Hiyo ndiyo namba ambayo mnunuzi, dereva na wakala wa forodha wote wanayo kwenye karatasi zao.

```
2025-03-14_ankara-087_mchele-kigali
   1_ghafi
      a_kahama
      b_rusumo-tz
      c_rusumo-rw
      d_kigali
   2_mradi
   3_tayari
```

Folda ya kwanza ni ya video ghafi, yaani klipu kama zilivyotoka kwenye simu. Ya pili ni ya kazi ya uhariri, na ya tatu ni ya video zilizokamilika. Klipu ghafi zisibadilishwe majina. Jina ambalo simu za Android nyingi hutoa, kwa mfano VID_20250316_102012.mp4, linabeba siku na saa ya kurekodi, na hiyo ni sehemu ya ushahidi.

Lakini saa hiyo ina mtego ambao wavuka mpaka wa Rusumo wanaujua kwa mwili kuliko kwa kompyuta. Tanzania iko mbele ya Rwanda kwa saa moja. Tuseme dereva amerekodi foleni upande wa Tanzania saa 4:20 asubuhi, na faili ikapata jina lililotajwa hapo juu. Dakika 40 baadaye yuko ng'ambo ya daraja kwenye ukaguzi. Simu imeshika mtandao wa Rwanda na kujirudisha nyuma saa moja, hivyo klipu ya pili inaitwa VID_20250316_100041.mp4. Zikipangwa kwa majina, lori linaonekana limeingia Rwanda kabla ya kufika foleni ya Tanzania. Mnunuzi anayetafuta sababu ya kutolipa hahitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana klipu zinagawanywa katika folda za a, b, c na d kwa mahali. Mpangilio wa njia unabaki hata saa zikigongana. Tatizo hilo hilo lipo Tunduma kwa wanaovuka kwenda Nakonde, kwa kuwa Zambia nayo iko nyuma saa moja.

Kuhusu klipu za dereva, WhatsApp ni njia mbaya ya kuzitunza. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa, na namba ya gunia iliyosomeka vizuri inageuka ukungu. Isitoshe, kwenye Android faili inapokelewa kwa jina kama VID-20250318-WA0007.mp4, na tarehe hiyo ni ya siku ilipopokelewa. Kama hakuna njia nyingine, itumwe kama hati, kwa kuchagua Document, ili isibanwe. Bora zaidi ni kusubiri dereva arudi na kunakili kwa waya.

Kunakili nako kuna utaratibu wake. Klipu ziingie kwanza kwenye diski ya nje. Kisha idadi ya faili na ukubwa wa jumla vilinganishwe na vya kwenye simu, na klipu chache zifunguliwe, hasa ya mwisho, kwa kuwa waya ukichomoka mapema ndiyo hukatika. Halafu nakala ya pili iingie kwenye diski nyingine. Simu isifutwe kabla ya hapo, hata kama dereva anaondoka usiku huo na inamwambia imejaa.

Gharama si kubwa kama wengi wanavyodhani. iPhone inayorekodi kwa 1080p, picha 30 kwa sekunde, hutumia takriban megabaiti 60 kwa dakika ikiwa kwenye mpangilio wa kubana zaidi, na takriban 130 kwenye mpangilio wa kawaida. Dakika 40 kwa safari, safari mbili kwa mwezi, hata kwa kiwango cha juu ni kama gigabaiti 125 kwa mwaka. Diski ya terabaiti moja inabeba miaka kadhaa. Gigabaiti 15 za bure za Google, kwa upande mwingine, zinaisha kabla ya safari ya tatu kukamilika.

Diski mbili zikikaa kwenye droo moja dukani, mwizi au moto atazichukua zote. Moja ibaki Kahama, nyingine ikae nyumbani au kwa mshirika Kigali, na zibadilishane kila mwezi. Google Photos nayo isihesabiwe kuwa nakala ya tatu. Klipu iliyohifadhiwa humo ikifutwa kwenye simu, inafutwa na huko mtandaoni, na ndani ya siku 60 inatoweka kabisa.

Upande wa uhariri, wengi hupoteza kazi bila kupoteza video. Programu kama DaVinci Resolve haiwezi kudaiwa klipu, kwa kuwa haikuzimeza. Inakumbuka tu zilipo. Folda ikihamishwa, au Windows ikiipa diski herufi nyingine, skrini inakuwa nyekundu na kuandika Media Offline. Hapo hakuna kilichokufa: programu ionyeshwe folda ilipo sasa, na klipu zitarudi mradi majina hayajaguswa. Mradi wenyewe uko ndani ya hazina ya programu, kwa hiyo kunakili folda ya video hakuubebi. Kazi ikiisha, itolewe kwa Export Project Archive na kuwekwa kwenye 2_mradi. Anayehariri kwa CapCut ajue kuwa rasimu zinakaa ndani ya simu, na programu ikiondolewa zinaondoka nayo.

Rudi kwenye yale magunia 12. Mwenye mzigo anatafuta 087 na kufungua folda moja. Klipu ya c inaonyesha turubai limefunuliwa wakati wa ukaguzi na magunia ya juu ni makavu, ya d inaonyesha yakishushwa. Video peke yake haimalizi ubishi. Ikiwekwa pamoja na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa Kigali, mazungumzo yanahamia kwenye ghala la mnunuzi, ambako huenda maji yaliingia.

Kila miezi mitatu, safari moja ya zamani ifunguliwe kutoka diski ya pili, kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga, au kunakili kukichukua saa badala ya dakika, inunuliwe nyingine wiki hiyo hiyo na nakala ichukuliwe kutoka ile nzima.