Barua ya Baraka Kutoka Migombani

Barua ya baraka ni karatasi ambayo mzee wa ukoo huwapa vijana wanaoondoka kijijini kwenda kutafuta kazi mjini, ili waondoke na maneno aliyowatamkia uso kwa uso. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Rombo hadi Siha, wakati wake ni Krismasi na siku chache zinazofuata. Hapo ndipo Wachagga walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda “kwenda migombani”, ndoa na vipaimara hufuatana, na wazee hupata nafasi ya kuwaona watoto wao wote kwa pamoja. Mwanzoni mwa Januari mabasi ya kurudi hujaa, na ndani yake wamo wageni wa safari: vijana wanaoliacha shamba kwa mara ya kwanza. Baraka wanayopewa ni ya mdomo na ni ya zamani. Karatasi ilikuja baadaye, na hadi leo si kila ukoo unaiandika.

Safari hizi zinaanzia kwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa sehemu yake anapooa, na kitindamimba hubaki na wazazi na kuirithi nyumba yao. Wa katikati walitarajiwa kufungua shamba jipya. Mpango huo ulifaa wakati ardhi ilipokuwepo. Siku hizi juu kuna msitu uliohifadhiwa, chini kuna tambarare kavu isiyostawisha migomba kama ilivyo mlimani, na katikati vihamba vimegawanywa mpaka vingine vinatosha nyumba na mistari michache ya kahawa. Kwa hiyo kijana anayebarikiwa mara nyingi ni yule ambaye ardhi haikumfikia, na mzee anayembariki anatoka katika kizazi kilichoigawa ardhi hiyo. Baraka ya kweli hailipiti jambo hili kimya. Ikilipita, kijana huondoka na kinyongo, na kinyongo kwa imani ya wazee huharibu kazi ya mikono.

Ndiyo maana siku ya baraka huanza na maneno, kabla ya chakula. Ugomvi uliolala mwaka mzima huletwa mbele ya wazee: mpaka uliosogezwa, zamu ya maji ya mfereji iliyorukwa, mkopo wa ada ambao haukurudi. Aliyekosa huja na isale, mmea wenye majani marefu ya kijani ambao Wachagga hupanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Jani la isale likiletwa kuomba msamaha, ni vigumu kwa mtu mwenye heshima zake kulikataa. Inafaa kuona kwamba mmea unaoonyesha ardhi ya kila mtu inapoishia ndio huohuo unaotumika kuwapatanisha waliogombania ardhi hiyo.

Suluhu ikipatikana, mbuzi huchinjwa na mbege hutolewa. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu zilizochemshwa, ikachanganywa na uji wa ulezi na kutiwa uchungu kwa gome la msesewe. Huanza kuandaliwa siku kadhaa kabla, hivyo mzee anayetaka kubariki hawezi kukurupuka. Nyama hugawanywa kwa vyeo vya kiukoo, na kumpa mtu kipande kisicho chake ni njia ya haraka ya kuzua ugomvi mpya. Kisha vijana husimama mbele ya mzee. Yeye hupiga funda la mbege kutoka kwenye kata na kuwapulizia matone mepesi kifuani au kichwani, huku akitaja majina yao na kumwomba Ruwa, yaani Mungu, awatangulie. Katika familia nyingi za Kikatoliki na Kilutheri tendo hili limeambatana na sala ya kanisa, na katika nyingine sala imechukua nafasi yake yote. Kuna wazee wanaofanya yote mawili bila kuona mgongano wowote, na katika hili wanaonekana kuielewa shughuli kuliko wanaobishana kuihusu.

Mafundisho kwa vijana hayakuwa mafupi zamani. Mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kukaa huko kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi hadi 1938, aliandika kwa Kijerumani mafundisho ambayo wazee wa Kichagga waliwapa vijana, na kazi hiyo ilijaza juzuu tatu. Kijana wa leo anayewahi basi la alfajiri hana muda wa juzuu tatu. Barua imebaki na kiini tu.

Kwa kawaida mzee husema na kijana mwenye mwandiko mzuri huandika. Baraka husemwa kwa Kichagga cha mahali hapo, lakini karatasi huandikwa Kiswahili, kwa kuwa Kichagga chenyewe hutofautiana kutoka Machame hadi Rombo na wajukuu wengine wamezaliwa na mama wa makabila mengine. Na kwa kuwa barua hukabidhiwa mkononi, zile salamu ndefu za hali ya huku na hali ya huko hazina kazi. Mzee huingia moja kwa moja kwenye jambo.

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha mpangilio huo. Mzee anawaaga wajukuu watatu: mvulana wa katikati anayekwenda kuuza vipuri Kariakoo, dada yake aliyepata kazi hotelini, na binamu yao ambaye ni saidia fundi. Barua inaanza kwa kuthibitisha amani:

“Wajukuu zangu. Leo tarehe 2 Januari, mbele ya baba zenu na shangazi zenu, neno la mfereji limekwisha. Isale limeletwa na limepokelewa. Asiwepo wa kulifukua huko mjini.”

Sentensi hizi zinawekwa mbele kwa sababu maalumu. Ndugu waliogombana Krismasi wataishi chumba kimoja Dar es Salaam, na mmoja wao atamhitaji mwenzake wiki ya kwanza tu. Karatasi inamzuia yeyote kusema baadaye kwamba suala halikuisha. Baada ya hapo mzee anamgeukia yule asiye na ardhi:

“Wewe wa katikati, kihamba hiki hakikukukataa. Kimekuwa kidogo. Nenda bila kinyongo, nami nabaki bila kinyongo. Kaburi langu litakuwa hapa, na njia ya kulifikia ni yako pia.”

Hiki ndicho kipande kigumu kuliko vyote kukitamka, na barua nyingi dhaifu hukiruka. Mzee haahidi shamba ambalo halipo, wala haombi radhi kwa mila. Anachofanya ni kumwondolea kijana shaka kwamba amefukuzwa, kisha anamhakikishia kwamba kwao ni pale pale. Ndipo dua inafuata, fupi na yenye vitu vya kushikika:

“Ruwa awatangulie barabarani. Mkono wako ukishika kazi, kazi isikuponyoke. Ukilala njaa, njaa isikufundishe kuiba. Mjukuu wangu wa kike, mlango utakaoingia uwe ndio mlango utakaotokea, na atakayekuajiri akuite kwa jina lako.”

Masharti huja baada ya dua, na mzee mwenye busara huyaweka machache:

“Usimsajilie mtu laini ya simu kwa jina lako. Ukiugua, sema mapema. Ukishindwa, rudi. Nauli ikikosekana, nenda kwa baba yenu mdogo Temeke, naye asikuulize neno mpaka umekula.”

Ruhusa ya kurudi inahitaji maelezo kidogo. Jamii inayosifiwa kwa biashara humwonea haya mtu anayerudi Desemba mikono mitupu, na wapo wanaokaa mjini miaka wakikwepa sikukuu kwa sababu hawana cha kuonyesha. Mzee akiandika “rudi” kwa mkono wake, au kwa kidole gumba chake kama hajui kuandika, anaiondoa aibu hiyo kabla haijazaliwa. Agizo kwa baba mdogo nalo si pambo. Yeye mwenyewe alikuwepo lilipotamkwa, hivyo amefungwa nalo mbele ya ukoo.

Barua za aina hii huharibika kwa namna tatu hivi. Ya kwanza ni pale baraka inapogeuka orodha ya mahitaji: bati za nyumba ya ibada, ada ya mdogo wake, mchango wa mazishi. Kijana hugundua haraka kwamba alichokabidhiwa ni ankara. Ya pili ni vitisho, kwa maana mzee anayeweza kubariki anaweza pia kulaani, na baadhi hawawezi kuacha kukumbusha hilo. Dalili ni rahisi kuiona: kila dua inaanza na “usipo”. Ya tatu ina madhara ya muda mrefu zaidi, nayo ni kuahidi ardhi. Barua ya baraka si wosia wa mirathi. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi kwa utaratibu wa sheria, na mstari mmoja wa upendo ulioandikwa jioni ya mbege unaweza kuwafikisha ndugu baraza la ardhi miaka 20 baadaye.

Kwa wasichana kuna jambo la ziada. Mila haikuwapa urithi wa kihamba, na barua za zamani ziliwatakia waume wema tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mzee anayemwandikia mjukuu wa kike sasa anapaswa kuchagua maneno kwa uangalifu: akimwambia kwamba kwao ni kwa mume, anakuwa amempunguzia kitu ambacho sheria imempa.

Kwenye begi la kijana barua hii mara nyingi hukaa pamoja na nyingine, barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji, yenye picha na mhuri. Hiyo ya mhuri hutumika anapotafuta ajira au anapojitambulisha kwa mjumbe wa mtaa anaohamia. Kazi zake haziingiliani na za barua ya mzee, ingawa zote mbili zinajibu swali lilelile la mwenyeji wa mjini: huyu ametoka wapi, na nani anamjua?

Siku hizi kwa wasioweza kupanda Krismasi, baraka hutumwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na ndugu aliyeko Muscat au Toronto anaweza kuisikia siku hiyohiyo. Sauti ina joto ambalo karatasi haina. Hata hivyo haikidhi sehemu ile ya kwanza, kwani isale halipokelewi kwa simu, na koo zinazofuata utaratibu huacha suala la aliye mbali likiwa wazi mpaka atakapofika mwenyewe au kumtuma mtu wa kusimama badala yake.

Mpokeaji naye ana wajibu wa kujibu. Jibu linalotarajiwa baada ya mshahara wa kwanza ni kitu kidogo kwa mzee, kama sukari, blanketi au fedha ya kununulia mbege, pamoja na taarifa mbili: anakaa mtaa gani, na nani atafutwe akipatwa na jambo. Familia nyingi huiona taarifa ya pili kuwa na thamani kuliko blanketi.