Mteja ameandika "sufria", duka lako linasema hakuna: tafuta inayovumilia makosa ya herufi

Ukiwa na duka la mtandaoni linalopokea malipo kwa simu, mauzo mengi hupotea kabla mteja hajafika kwenye kitufe cha kulipa. Yuko ndani ya matatu, anaandika kwa kidole kimoja "sufria", na duka linamjibu "Hakuna bidhaa". Sufuria unazo kumi na mbili stoo. Yeye hajui, anahamia kwingine.

Kama duka lako limejengwa juu ya hifadhidata ya PostgreSQL (muulize fundi wako), dawa iko humo humo, haina malipo ya ziada. Inaitwa pg_trgm.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Kila neno hukatwa vipande vya herufi tatu tatu, baada ya kuongezewa nafasi mbili mbele na moja nyuma. "Sufuria" hutoa vipande 8, "sufria" hutoa 7, na 5 kati ya hivyo vinafanana. Ukivichanganya bila kurudia, vyote ni 10. Basi 5 kwa 10 ni 0.5, ndicho kiwango cha kufanana.

Hapa ndipo wengi hukwama. Bidhaa haiitwi "Sufuria" tu, inaitwa "Sufuria ya alumini lita 5". Ukilinganisha "sufria" na jina lote, vipande vya maneno mengine vinashusha alama hadi karibu 0.18, na kawaida pg_trgm hukataa chochote chini ya 0.3. Kwa hiyo tumia word_similarity, ambayo hutafuta sehemu ya jina inayofanana zaidi na alichoandika mteja. Alama inarudi 0.5. Lakini kiwango chake cha kawaida ni 0.6, kwa hiyo bado sufuria haionekani! Lazima ukishushe:

```sql
CREATE EXTENSION pg_trgm;
CREATE INDEX ON bidhaa USING gin (jina gin_trgm_ops);

SET pg_trgm.word_similarity_threshold = 0.4;
SELECT jina, bei FROM bidhaa
WHERE 'sufria' <% jina
ORDER BY word_similarity('sufria', jina) DESC
LIMIT 10;
```

Mistari miwili ya kwanza hufanywa mara moja tu. SET nayo hudumu kwa muunganisho huo pekee, kwa hiyo fundi airudie kila programu inapounganishwa upya. Neno la mteja litangulie jina la bidhaa. Ukigeuza, hesabu inakuwa nyingine.

Ubaya wa kushusha kiwango huonekana kwenye maneno mafupi. Mtu akitafuta "chai", "chaja" inapata 0.6 kwa sababu ya mwanzo wake tu. Mteja wa majani chai akiletewa chaja za simu atashangaa. Ndiyo maana mimi napendelea hatua mbili: kwanza tafuta neno kamili kwa to_tsvector('simple', jina), halafu pg_trgm iitwe tu kama hakuna kilichopatikana. Tumia 'simple', si 'english', maana hiyo ya pili hukata miisho ya maneno kwa kanuni za Kiingereza.

Kuna kitu ambacho hesabu hii haiwezi: majina mawili ya kitu kimoja. Mteja akiandika "charger" na wewe umeandika "Chaja ya simu", alama ni 0.375, inakosa kwa kidogo. Usishushe kiwango tena, utaleta takataka. Ongeza safu iitwayo maneno, uweke humo jina pamoja na majina mengine ("chaja ya simu charger"), kisha itumie badala ya jina kwenye faharasa na kwenye utafutaji wa hatua zote mbili.

Je, unahitaji injini maalum kama Meilisearch? Hiyo ina kanuni nzuri tayari: kwa kawaida neno la herufi chini ya 5 haliruhusiwi kosa, la 5 hadi 8 linaruhusiwa moja, la 9 kwenda juu mawili. "Chai" haitaleta "chaja". Lakini ni programu ya pili yenye nakala ya bidhaa zako. Nakala ikichelewa kusasishwa, mteja anaona sufuria iliyoisha jana, na kama duka halikagui stoo kabla ya malipo, analipa, halafu unaanza kazi ya kurudisha pesa. Kwa duka la bidhaa mia chache au elfu mbili tatu, ningebaki na PostgreSQL.

Mwambie fundi ahifadhi pia kila neno lililotafutwa na idadi ya majibu yake. Ijumaa jioni pitia yaliyopata sifuri. Neno ambalo ni jina jingine la bidhaa uliyo nayo, liweke kwenye maneno. Lililo la bidhaa usiyo nayo, kama limetafutwa mara nyingi, lipeleke kwenye orodha ya kununua.