Megabiti za kifurushi, megabaiti za faili

Kasi ya intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, Mbps, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, MB. Baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo ili kujua faili litachukua muda gani kupakuliwa, kasi iliyotangazwa hugawanywa kwanza kwa 8.

Chukua kifurushi cha nyumbani cha Mbps 20. Ukigawanya kwa 8 unapata megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya GB 1.5, yaani takriban MB 1,500, itahitaji sekunde 600, ambazo ni dakika 10. Asiyegawanya hutarajia sekunde 75 tu, kisha huanza kumlaumu mtoa huduma bure.

Hata hivyo, dakika 10 ni makadirio ya hali nzuri kabisa. Sehemu ya kasi hutumika kubeba anwani na taarifa za udhibiti zinazoambatana na kila pakiti ya data, hivyo kivinjari kikionyesha 2.3 MB/s hapo hakuna hitilafu. Filamu itamalizika kwa dakika kama 11. Kikionyesha 0.8 MB/s, zidisha kwa 8: ni Mbps 6.4. Hapo kuna kasoro, lakini huenda haiko kwenye laini. Pengine Wi-Fi ni dhaifu, simu nyingine inatazama video, au seva inayotoa faili imeelemewa. Kipimo cha kasi kikisoma Mbps 19 wakati upakuaji umesimamishwa na vifaa vingine vimezimwa, laini ni nzima.