Utaiita Biashara Yako Nini? Majina Matano ya Hoteli Moja ya Litein

Oktoba ikifika na bonasi ya chai ikiingia, huku Kericho na Bomet vibao vipya huanza kuchipuka kando ya barabara. Duka la mbolea hapa, saluni pale, hoteli ya chai na chapati karibu na stegi. Sisi tunakutana na wenye biashara hao wanapokuja kuomba nambari ya tili, na mara nyingi jina ndilo linalowakwamisha. Kibao kinasema hivi, ujumbe wa malipo unasema vile, na mteja anasimama mbele ya kaunta akiuliza, "Sasa hii pesa nimetumia nani?"

Basi tuchukue mfano mmoja tu tuufuate mpaka mwisho. Tuseme wewe ni mama unayefungua hoteli ndogo pale Litein. Utauza chai ya maziwa, chapati, na mursik kwa wanaoipenda. Una mpango wa tawi la pili Bomet mjini mambo yakienda vizuri. Utaiitaje?

Jina la kwanza linalokuja akilini ni lile linaloeleza tu ilivyo: Litein Stegi Hoteli. Mgeni akishuka kwenye matatu anajua ni wapi na ni nini. Hutumii hata shilingi kumwelewesha mtu. Jina la aina hii hufanya kazi vizuri sana ukiwa wa kwanza, au ukiwa peke yako. Kericho yenyewe iko na Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond miaka ya 1950. Hoteli kwenye mashamba ya chai, basi ikaitwa hivyo, na jina likashika.

Lakini wewe si wa kwanza pale stegi. Mwezi ujao jirani anaweza kufungua Stegi Mpya Hoteli, na mteja aliyezoea kwako akamlipa yeye bila kujua. Utamlaumu nani? Maneno "Litein", "stegi" na "hoteli" ni ya kila mtu. Kisha siku ya kufungua tawi Bomet, utaweka kibao cha Litein huko? Watu watadhani umepotea njia.

Wengi wakifika hapo wanasema, ah, basi nitumie jina langu. Mama Chebet Hoteli. Hili lina joto lake, kwa maana mteja anajua kuna mtu wa kuulizwa chai ikiwa na moshi. Shida ya kwetu ni ya kipekee kidogo. Wakipsigis humpa mtoto jina kufuatana na wakati au hali aliyozaliwa: Chebet ni wa mchana, Chelangat ni wa jioni, Chepkoech ni wa alfajiri. Ukiita "Mama Chebet!" sokoni siku ya soko, uwe tayari wanawake wengi wageuke. Jina ambalo ni lako kabisa nyumbani linakuwa la kila mtu barabarani.

Kuna swali lingine: siku ukitaka kuuza hoteli, mnunuzi atakuwa Mama Chebet? Inawezekana, jina la mwanzilishi linaweza kuishi bila yeye. Thomas Lipton alifariki 1931 na jina lake bado liko kwenye pakiti. Brooke Bond nayo ilianzishwa na Arthur Brooke huko Manchester mwaka 1869, na hakukuwa na mtu yeyote anayeitwa Bond. Neno hilo Brooke aliliongeza mwenyewe. Lakini majina hayo yalikuwa na miaka mingi ya matangazo nyuma yake. Wewe una kibao kimoja.

Jina la tatu ni lile linaloamsha picha. Asubuhi za huku zina baridi na ukungu, na wachumaji huingia shambani majani yakiwa na umande. Umande Hoteli, kwa mfano. Linapendeza, linakwenda Bomet bila shida, na hata siku ukiongeza mkate na keki halikufungi. Kasoro yake ni kwamba "Umande" peke yake halisemi unauza nini. Linaweza kuwa duka la maua au mtambo wa maji. Ndiyo maana lisimame na neno la kueleza pembeni, angalau miaka ya kwanza. Na uangalie picha hiyo isiwe imeshachukuliwa. Wengi wangependa kuita hoteli Chamgei, ile salamu yetu, lakini ukitamka neno hilo mtu anafikiria redio kwanza.

Herufi za mwanzo tutazipita haraka. KTDA inajulikana na kila mkulima, lakini herufi hizo hazikujitangaza zenyewe. Zilibebwa na malipo ya majani tangu 1964. Faida yake moja ni kwamba shirika lilipobadilika mwaka 2000 na A ikaacha kuwa Mamlaka ikawa Wakala, kwa Kiingereza, kifupisho hakikuguswa. C.L.H. Entaprais pale stegi haina historia hiyo ya kuibeba. Usijaribu, kusema kweli.

Linalotuvutia zaidi ni jina la kubuni, na mfano bora uko hapa hapa. Ketepa, iliyoanzishwa 1977 na yenye makao Kericho, ilikatwa kutoka maneno matatu ya Kiingereza ya wapakiaji wa chai wa Kenya. Lakini tazama ilivyokatwa: ke-te-pa. Kila silabi inaishia kwa irabu, kwa hiyo nyanya wa kijijini anaitamka sawa na karani wa Nairobi. Halafu bidhaa yenyewe wakaiita Fahari ya Kenya, jina la picha. Kubuni pekee hakutoshi, hata kwa wenye pesa. Biashara ya chai ya Unilever, mashamba ya Kericho yakiwemo, ilipewa jina ekaterra mwaka 2021. Baada ya kuuzwa 2022 ikaja kuitwa Lipton Teas and Infusions. Wakarudi kwa yule mzee wa 1931!

Kwa hoteli yako, tungejaribu Chapachai: chapati na chai zimeunganishwa. Mpigie simu rafiki aliye Bomet, litamke mara moja, umwambie aliandike na akutumie. Akiandika "Chapa Chai", maneno mawili, umejifunza kitu: unapotafuta kama jina liko wazi, tafuta kwa njia zote mbili.

Utafutaji huo unafanywa eCitizen, kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, na ada ya kutafuta na kuhifadhi jina ni shilingi 150. Likikubaliwa unawekewa siku 30. Andaa majina matatu hivi, kwa sababu la kwanza linaweza kukataliwa kwa kufanana na la mtu. Fahamu pia kwamba kusajili jina la biashara hakukupi haki ya kumzuia mwingine kulitumia kama chapa. Hiyo ni kazi ya KIPI, ambako alama husajiliwa kwa miaka 10 na kuhuishwa, na huko sheria inabana maneno yanayoeleza bidhaa tu, majina ya mahali na majina ya ukoo. Litein Stegi ingepata taabu kwenye meza hiyo. Chapachai ina nafasi nzuri zaidi.

Cheti kikitoka, lete jina hilo hilo unapoomba tili, herufi kwa herufi, kisha jilipie shilingi kumi kutoka simu nyingine usome ujumbe unaokuja. Ukiona sawa, ndipo umwite fundi wa kibao.