MWENZAKO KAKOSA KIKAO NA WEWE UNA SLAIDI TU? MWANDIKIE HIVI



Wengi wetu tunaouza mtandaoni tunaagiza mzigo China kwa kuchanga. Mnakuwa watu wanne au watano, msafirishaji anawaita kikao kwa simu, anapitisha slaidi zake, kikao kinaisha. Mmoja lazima atakosa, labda ana mteja dukani au mtoto anaumwa. Jioni anauliza kwenye grupu: "Jamani, walisemaje?" Ulichonacho ni zile slaidi tu. Labda hata wewe hukuwepo, umetumiwa.

Kabla hujaandika chochote, jua hili: slaidi imetengenezwa KABLA ya kikao. Inajua msafirishaji alipanga kusema nini. Haijui watu waliuliza nini, nani aligoma, wala bei ilishuka au haikushuka. Kwa hiyo slaidi haiwezi kukupa neno "tumekubaliana". Ukimwandikia mwenzako hivyo, unamtungia, na yeye ataenda kupanga bei kwa maneno yako.

Tuchukue mfano. Namba ni za kufundishia tu, usizipeleke kwa msafirishaji wako. Slaidi ziko 6:

1. Kikao cha wateja, Jumanne tarehe 10.
2. Bahari: kuanzia dola 400 kwa CBM.
3. Bidhaa maalum (betri, vimiminika, vipodozi): bei tofauti.
4. Mwisho wa kupokea mzigo ghala la Guangzhou: tarehe 20. Meli kuondoka: tarehe 27. Safari: siku 35 hadi 45.
5. Bima: kujadili.
6. Kila mteja atume orodha na vipimo vya maboksi kabla ya Ijumaa.

Aliyekosa ni dada mmoja anayeuza vipodozi. Ana maboksi 5 na ameshapokea advansi za wateja wake. Sasa tuzisome slaidi kwa macho yake.

Slaidi ya 2 ina neno dogo lenye hela ndani yake: "kuanzia". Watu wengi wakifupisha wanaandika "bei dola 400" na lile neno linapotea. Tupige hesabu. CBM ni ujazo wa boksi la mita moja kila upande. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu unagawa kwa 1,000,000. Boksi lake ni 60 kwa 50 kwa 40, unapata 0.12. Mara maboksi 5 ni CBM 0.6. Kwa dola 400 inakuja dola 240. Lakini hiyo ni bei ya chini kabisa, na slaidi ya 3 inasema vipodozi vina bei yake. Kwa hiyo dola 240 siyo gharama yake. Gharama yake haipo kwenye slaidi yoyote. Akipanga bei ya lipstiki kwa dola 240, kinachozidi kitatoka mfukoni mwake, maana advansi alishachukua na mteja hatakubali kuongezewa.

Slaidi ya 4 nayo ina mtego. Siku 35 hadi 45 ni za safari, na meli inaondoka tarehe 27. Ukihesabu kuanzia tarehe 20, siku mzigo unapofika ghalani, umejipunja siku 7. Tena slaidi haisemi kama siku hizo zinahusisha kutoa mzigo bandarini. Hilo usilijaze kwa kukisia, lipeleke kwenye maswali.

Slaidi ya 5 inasema "kujadili". Huenda walijadili, huenda muda uliisha. Andika hivyo hivyo kwamba slaidi haionyeshi uamuzi.

Slaidi ya 6 ndiyo ya haraka, na ndiyo inatakiwa kukaa juu kwenye ujumbe hata kama kwenye slaidi iko mwisho. Mwenzako hataki kujua kikao kilienda kwa mpangilio gani. Anataka kujua afanye nini na lini. Halafu usimwachie neno "Ijumaa" peke yake, maana ujumbe anaweza kuusoma wiki ijayo. Weka tarehe. Kikao kilikuwa Jumanne tarehe 10, Ijumaa ni 13, na "kabla ya Ijumaa" maana yake siku salama ya mwisho ni Alhamisi tarehe 12.

Ujumbe wenyewe unakuwa hivi:

"Dada habari, pole na majukumu. Haya nimeyatoa kwenye slaidi za kikao cha Jumanne tarehe 10. Mazungumzo yenyewe sina.

*Cha kufanya:* Tuma orodha na vipimo vya maboksi yako kabla ya Ijumaa tarehe 13, yaani ikifika Alhamisi uwe umetuma (slaidi 6). Mzigo uwe umefika ghala la Guangzhou mwisho tarehe 20 (slaidi 4).

*Kinachokuhusu:* Bahari ni KUANZIA dola 400 kwa CBM (slaidi 2), ila vipodozi vimewekwa kwenye bidhaa maalum zenye bei tofauti, na bei hiyo haijaandikwa (slaidi 3). Meli inaondoka tarehe 27, safari siku 35 hadi 45 (slaidi 4).

*Slaidi hazisemi, muulize msafirishaji:*
1. Vipodozi ni dola ngapi kwa CBM?
2. Siku 35 hadi 45 zinahusisha kutoa mzigo bandarini?
3. Bima iliamuliwaje? Slaidi 5 inasema 'kujadili' tu.

Usipange bei kabla hujajibiwa swali la 1. Slaidi zote nakutumia hapa chini."

Basi. Mambo ambayo hayamhusu, kwa mfano betri, yako kwenye slaidi, atayaona akitaka. Hizo nyota pembeni ya maneno zinakoleza maandishi kwenye WhatsApp, jicho linaenda moja kwa moja kwenye cha kufanya.

Kabla ya kutuma, pitia sentensi moja moja na ujiulize: hii iko slaidi ya ngapi? Ndiyo maana nimeweka namba kwenye mabano. Sentensi isiyo na slaidi ama unaifuta, ama unaigeuza swali. Halafu tafuta maneno haya matatu: "tumekubaliana", "alisema", "imeamuliwa". Ukiyakuta ujue umeanza kutunga, kwa sababu slaidi haina mdomo. Andika "slaidi inasema".

Majibu yakija kesho yake, usifute ujumbe wa mwanzo ukaandika upya kimya kimya. Tuma mwingine mfupi: "Jibu la swali la 1, kutoka kwa msafirishaji mwenyewe leo tarehe 11", kisha bei. Hapo huyo dada anajua kipi kilitoka kwenye slaidi na kipi kimetoka kwa mtu, na kama bei ikija kubishaniwa wakati wa kulipa, ana ujumbe wenye tarehe wa kuonyesha.