Mizunguko Mitatu na Nusu Kabla ya Maji

Tarehe 5 Agosti 2021, katika fainali ya Olimpiki ya Tokyo, Quan Hongchan wa China alisimama ukingoni mwa jukwaa la mita 10 akiyapa maji mgongo. Alikuwa na miaka 14. Aliruka juu, akajikunja magoti kifuani, akapiga samasoti tatu na nusu kuelekea upande wa jukwaa, kisha akajinyoosha na kuingia majini kwa mikono. Majaji wote saba walimpa 10. Alitwaa dhahabu kwa alama 466.20.

Mruko huo wa pili ulichukua muda mfupi mno. Kitu kikidondoka tu kutoka mita 10 hufika chini baada ya sekunde 1.4 hivi. Mrukaji akijirusha juu kiasi cha sentimita 30 kwanza, anapata kama sekunde 1.7, na ndani ya muda huo lazima azungushe mwili mara tatu na nusu.

Mzunguko wote anautoa jukwaani. Miguu inasukuma, mikono na kichwa vinarushwa chini, nyonga zinapanda, na mwili unaanza kupinduka. Vidole vikishaachana na zege, hana tena cha kusukuma. Nguvu ya uvutano inamvuta chini mwili mzima kwa pamoja, haimwongezei wala kumpunguzia mzunguko, na hewa nayo haina athari ya kuhesabika. Msukumo aliotoka nao ndio atakaofika nao majini.

Anachoweza kubadilisha ni umbo. Mwili ulionyooka, mikono ikiwa juu ya kichwa, una uzito uliotawanyika mbali na kitovu cha mzunguko, kwa hiyo ni mzito kuuzungusha. Akishika miundi na kubana visigino karibu na makalio, uzito uleule unajikusanya karibu na kitovu, na ugumu wa kuuzungusha unashuka hadi kama robo. Kwa kuwa msukumo haubadiliki, kasi inapanda takriban mara nne.

Tupige hesabu, kwa makadirio. Tuseme mrukaji aliyenyooka anazunguka mara 0.7 kwa sekunde. Asipojikunja kabisa, sekunde 1.7 zitampa mzunguko mmoja na ushei, basi. Akijikunja, kasi inafika mara 2.8 kwa sekunde. Akikaa amejikunja kwa sekunde 1.1, anapata mizunguko 3.1. Sekunde 0.6 zilizobaki, za kutoka jukwaani na za kujinyoosha, zinampa 0.4 nyingine. Jumla, 3.5.

Hapo pia ndipo penye mtego mkubwa. Kujinyoosha kunapunguza kasi ya mzunguko, lakini hakuusimamishi. Kwa kasi yetu ile ya 0.7, katika sekunde 0.3 za mwisho mwili uliokwisha kunyooka bado unageuka nyuzi 75, karibu robo ya mzunguko. Kwa hiyo mrukaji hasubiri kichwa kielekee chini sawasawa ndipo afungue. Anafungua mapema, angali na kipande cha kuzunguka. Akichelewa, miguu inapitiliza wima na kurusha maji. Akiwahi, anaingia akiwa hajatimiza mzunguko. Ndiyo maana mazoezini kocha hupaza sauti wakati wa kufungua, mpaka mwanafunzi ajifunze kuyaona maji kila anapopinduka na kuamua mwenyewe.

Mtazamaji naye anaweza kuhesabu. Jambo muhimu ni kuchagua kiungo kimoja tu, na kichwa ndicho bora, kwa sababu magoti na miguu iliyobanwa humchanganya mtu. Kila kichwa kinaporudi juu, hesabu moja. Mrukaji akiingia kwa kichwa, ongeza nusu. Katika mruko wa Quan kichwa kinarudi juu mara tatu, kisha kinashuka majini: tatu na nusu. Kijana anayejitosa kutoka ukuta wa Forodhani, Zanzibar, akipiga samasoti na kutua kwa miguu, haongezewi nusu.

Jibu lipo pia kwenye skrini ya televisheni. Mruko ule huandikwa 407C. Tarakimu ya 4 ni kundi la wanaoyapa maji mgongo na kupindukia upande wa jukwaa. 7 ni idadi ya nusu mizunguko. C ni kujikunja. Nusu saba ni tatu na nusu.

Kanuni ya kichwa inahitaji rekebisho kwa wanaoanza wakiwa wamesimama kwa mikono. Quan aliruka pia 6243D siku hiyo. Hapo 4 ni nusu nne, yaani samasoti mbili kamili, na 3 ni nusu tatu za kujipinda kiubavu. Kichwa kilianza chini na kumalizia chini, kwa hiyo unahesabu kila kinaporudi chini, bila kuongeza nusu yoyote.