Mwanga uingie, macho yabaki nje

Chumba cha chini kinachotazama uchochoro wa Kariakoo kinahitaji mwanga, lakini wapita njia nao hawaachi kuchungulia. Pazia jepesi husitiri mchana kwa sababu nje kuna mwanga mkali kuliko ndani. Usiku ukiwasha taa, mambo hugeuka: aliye nje anakuona. Stika ya kioo inayong'aa ina udhaifu huohuo. Stika ya ukungu ndiyo husitiri saa zote, japo kivuli cha aliye karibu na kioo huonekana.

Tuseme dirisha lina upana wa mita 1.5. Bandika stika ya ukungu chini tu, ipite kidogo usawa wa macho ya aliyesimama nje. Juu pabaki wazi. Osha kioo, nyunyiza maji ya sabuni, bandika, kisha sukuma mapovu kutoka katikati. Vumbi likibaki, utaona vipele.

Ila ukifungua dirisha kupata upepo, stika haisitiri tena, na joto la Dar unalijua. Hapo pazia jepesi la mita 3, lenye mikunjo ya kutosha, ndilo linalofaa. Kama dirisha lako hushinda wazi na fedha ni ya kitu kimoja, nunua pazia.